Kukagua gari la mizigo asubuhi: likiwa tupu, au likiwa limeshapakiwa?

Wenye gari ndogo za kusambaza bidhaa wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaokagua saa 12 asubuhi gari likiwa tupu uani, kisha wanakwenda kupakia na kuondoka moja kwa moja. Wengine wanapakia kwanza, na wakati utingo anafunga milango dereva analizunguka gari, anapiga tairi teke, anatazama taa, anawasha. Nimefanya kazi kwa njia zote mbili kwa miaka kadhaa kwenye Haisi ya mizigo, kutoka Kariakoo kwenda Kibaha, Mlandizi, Chalinze na mara nyingine Morogoro. Hapa nazilinganisha kwa mambo manne: vifaa, tairi la spea, nyaraka na ufungaji wa mzigo, ili mwenye gari aamue ipi inamfaa kwa safari zake.

Nianze na siku iliyonifanya nifikirie jambo hili kwa makini. Tulikuwa tumebeba ndoo 25 za mafuta ya kula za lita 20, mifuko 8 ya unga ya kilo 25 na katoni 15 za sabuni. Ndoo moja na mafuta yake ina kilo 19 na nusu hivi na katoni ina kilo 10, kwa hiyo jumla ilikaribia kilo 840. Asubuhi nilikagua kwa njia ya pili, gari limeshajaa. Nililizunguka, tairi nne nikaziona zimesimama vizuri, taa zinawaka, nikaondoka.

Saa 12 jioni, tukiwa tumepita Mlandizi, tairi la nyuma kushoto likaisha upepo. Jeki ilikuwa nyuma, sakafuni, chini ya mifuko ya unga. Kwenye Haisi spea inaning'inia chini ya sakafu ya nyuma kwa mnyororo, na unaishusha kwa kuzungusha mpini. Mpini wenyewe ulikuwa pamoja na jeki. Tukashusha karibu nusu ya mzigo pembeni ya barabara giza linaingia, malori yanapita mita chache kutoka tulipo. Spea ilipofika chini nikaipima: psi 18. Ikabidi utingo apande bodaboda nayo kurudi Mlandizi kuijaza. Tulipomaliza saa tatu ilikuwa imepita, mteja wa Chalinze ameshafunga duka, na mzigo wake aliupata kesho yake asubuhi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikagua, lakini nilikagua wakati ambao vitu viwili muhimu kuliko vyote havikuonekana.

Vifaa na spea: hapa gari tupu linashinda

Gari likishajaa, huwezi kujua kama jeki ipo. Utajua ilikuwepo jana, na jana fundi wa gereji aliiazima. Kwa hiyo kwa upande wa vifaa sioni ubishi: kagua gari likiwa tupu, toa kila kifaa kwa mkono, kisha kirudishe mahali ambapo mzigo hautakifikia. Mimi nimehamisha jeki, mpini na spana ya magurudumu kutoka nyuma hadi sehemu ya miguu ya abiria, kwenye sanduku la bati lililofungwa kwa boliti. Lisingefungwa, siku ya breki ya ghafla lingerushwa.

Jeki nayo ina ulinganisho wake. Jeki ya mkasi inayokuja na gari dogo la saluni imetengenezwa kwa gari la saluni. Haisi iliyopakiwa inakaribia tani 3, na pembe moja ya nyuma peke yake inaweza kubeba robo ya huo uzito au zaidi. Nachagua jeki ya chupa ya tani 2. Ubaya wake ni kimo: jeki ya chupa ni ndefu hata ikiwa imeshuka kabisa, na ekseli hushuka tairi likilala. Ijaribu mara moja uani, na gari likiwa limebeba mzigo. Toa upepo wote kwenye tairi la nyuma, kisha uone kama jeki inaingia chini ya ekseli. Isipoingia, tafuta fupi zaidi, au weka kwenye vifaa vyako kipande cha mbao cha kupandishia gurudumu kwanza. Ubao mwingine mpana wa kuweka chini ya jeki hauepukiki, maana pembeni ya barabara zetu ni mchanga, na jeki inazama badala ya kuinua gari.

Spea ndiyo watu wanaikagua kwa macho tu. Wanainama, wanaiona ipo, wanaridhika. Lakini upepo wa tairi hauonekani kwa macho kama halibebi kitu, na tairi lenye psi 18 likining'inia linafanana kabisa na lenye psi 50. Tena mara nyingi vali yake imeelekea juu, mkono haufiki. Kuna suluhisho mbili. Unaweza kufunga mpira mrefu wa vali unaotokea karibu na bampa, ukapima kila asubuhi kwa sekunde kumi. Au unaishusha spea kila Jumatatu, unaipima, unaipandisha. Mpira ni rahisi zaidi, lakini unavuja usipofungwa vizuri, na huwezi kujua kama mnyororo umeshika kutu. Kwa gari linalolala karibu na bahari, kutu ni jambo la kweli. Nimechagua kushusha kila Jumatatu na kupaka grisi. Asubuhi nyingine naitikisa tu kwa mkono kuona haijalegea.

Upepo wa spea uwe ule wa juu kabisa unaotakiwa kwa tairi za gari hilo likiwa na mzigo. Barabarani ni rahisi kupunguza upepo kuliko kuuongeza. Gari nyingi za Japani zina kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kilichoandikwa kwa kPa, na wengi hawakisomi kwa sababu geji zetu ni za psi. Kila kPa 100 ni psi 14.5, kwa hiyo kibandiko kikisema 350, geji yako isome 51 hivi. Pima kabla gari halijatembea, tairi zikiwa za baridi. Hii nayo ni sababu nyingine ya kukagua mapema, maana ukishatoka nyumbani hadi Kariakoo tairi zimepata joto na kipimo kimepanda.

Sasa swali ninaloulizwa sana: nibebe spea ya aina gani? Kuna chaguo tatu mitaani.

| | Tairi kamili la gari la mizigo | Spea nyembamba ya dharura | Vijiti vya kuziba pancha na pampu ya betri |
|---|---|---|---|
| Linabeba mzigo wote? | Ndiyo | Hapana | Ndiyo, kama tairi lenyewe ni zima |
| Mwendo | Wa kawaida | Usizidi kilomita 80 kwa saa | Wa tahadhari hadi kwa fundi |
| Linashindwa wapi | Likisahauliwa bila upepo | Likiwekwa kwenye gari lililojaa | Ubavu ukichanika, au tundu likizidi milimita 6 hivi |

Kwa gari la mizigo spea nyembamba naiondoa kabisa kwenye hesabu. Vijiti na pampu ni wasaidizi wazuri: msumari kwenye uso wa tairi unazibwa kwa dakika kumi na tano bila kushusha mzigo. Lakini haviwezi kuwa mbadala wa spea, kwa kuwa ubavu ukichanwa na jiwe havina la kufanya. Beba tairi kamili, na vijiti juu yake kama fedha inatosha.

Hata hivyo "tairi kamili" si kila tairi linaloingia kwenye rimu. Soma namba ya uwezo iliyoandikwa ubavuni baada ya saizi. Kwenye tairi nyingi za Haisi ya mizigo utakuta 107, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 975. Tairi la gari dogo lenye inchi 15 zilezile linaweza kuwa na 91, yaani kilo 615. Nimeona spea za namna hiyo zikiuzwa kwa bei nzuri, na kwa macho tofauti ni ndogo sana. Ukiifunga nyuma kwenye gari lililojaa inapata joto kupita kiasi, na pancha ya pili inakuja saa hiyohiyo. Tazama pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea huzeeka ikiwa haijatembea hata kilomita moja, mpira unapasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni.

Vilivyobaki kwenye vifaa navipitia haraka. Riflekta za pembetatu mbili, uzifungue uone kama miguu inasimama. Kizima moto, mshale uwe kwenye kijani, na ukigeuze juu chini mara chache, kwa sababu unga wa ndani hushikamana kwa mtikisiko wa barabara. Tochi yenye chaji, geji yako mwenyewe, glavu, fyuzi za akiba, na vizuizi viwili vya magurudumu.

Nyaraka: nusu asubuhi, nusu mlangoni kwa muuzaji

Hapa hakuna mshindi mmoja, kwa sababu nyaraka ni za aina mbili. Kuna za gari na dereva, ambazo hazibadiliki kila siku. Kuna za mzigo, ambazo kabla ya kupakia hazipo kabisa.

Za kwanza zikague gari likiwa tupu, na si kwa kuona bahasha ipo kwenye dashibodi. Soma tarehe. Leseni ya dereva iwe halisi na ya daraja linaloruhusu gari hilo. Leseni ya LATRA ya kubeba mizigo kwa biashara iwe hai. Bima nayo usiihakikishe kwa karatasi peke yake. Ingiza namba ya gari kwenye `tiramis.tira.go.tz` uone kama kweli inasomeka, kwa sababu ndipo inapothibitishwa, na karatasi uliyopewa na wakala inaweza kuwa haijaingizwa. Deni la faini za barabarani nalo linaonekana kwa namba ya gari kwenye `tms.tpf.go.tz`. Haya mawili nayafanya mara moja kwa wiki, Jumatatu nikiwa nasubiri spea ishuke.

Kadi ya gari naiacha nyumbani, na kwenye gari inakaa nakala. Wapo wanaotembea na kadi halisi kwa hofu ya kusumbuliwa njiani. Fikiria gari likiibwa likiwa na kadi yake ndani: mwizi amepewa gari na karatasi ya kuliuzia. Picha ya kadi kwenye simu ya dereva inasaidia pia, lakini simu huzima, kwa hiyo nakala ya karatasi naipendelea.

Za mzigo ni risiti ya EFD na hati ya kupelekea mizigo. Ukikagua asubuhi tu, hizi zitakupita. Kabla hujaondoka dukani, linganisha idadi iliyoandikwa na iliyo ndani ya gari, na jina la mnunuzi na unakokwenda. Siku ile ya ndoo 25, hati ingesema 24 ningekuwa na maelezo magumu mbele ya ofisa wa TRA, na magumu zaidi mbele ya mteja. Risiti yenyewe unaweza kuihakiki kwa simu kupitia msimbo wake au kwenye `verify.tra.go.tz`. Na ukumbuke kwamba bima ndogo ya mtu wa tatu hailipii bidhaa ulizobeba. Mwenye mzigo wa thamani aambiwe hilo kabla, si baada.

Mzigo: hapa gari lililojaa linashinda, lakini kazi inaanza likiwa tupu

Mzigo haukaguliwi kabla haujapakiwa, hilo liko wazi. Lakini pete za sakafuni za kufungia mikanda zinafunikwa na mzigo wa kwanza tu, na sakafu yenye mafuta yaliyomwagika jana ukishaifunika huioni tena. Kwa hiyo asubuhi fagia, futa, vuta kila pete kwa mkono uone haichezi.

Sasa tuchukue mzigo uleule wa kilo 840 tulinganishe kamba ya manila na mkanda wa kukazia wenye meno. Kanuni inayotumika Ulaya inasema mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, kwa ajili ya breki kali, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa mzigo wetu, mbele ni kilo 672. Msuguano wa sakafu iliyo safi na kavu unaweza kushika kama asilimia 30 ya uzito, yaani kilo 252. Zinabaki 420 za kushikwa na kitu kingine.

Mkanda mpana wa milimita 50 una lebo ya buluu au ya rangi nyingine. Tafuta maandishi `STF`, ndiyo nguvu unayopata ukikaza kwa mkono. Ikiwa ni 300, ihesabu kama kilo 300: mkanda uliopita juu ya mzigo unavuta chini pande zote mbili, kwa hiyo unaukandamiza kwa kilo 500 hivi, ukitoa zile zinazopotea kwenye kona. Asilimia 30 ya hizo ni 150. Kwa hiyo kushika kilo 420 unahitaji mikanda mitatu. Kamba ya manila iliyovutwa na mtu mwenye nguvu inafika kilo 50 hivi. Inakandamiza 100, inashika 30. Ungehitaji kamba 14! Kamba inafaa kuzuia katoni nyepesi zisianguke, au kufunga mlango wa nyuma uliolegea. Kwa mafuta, rangi, saruji au vigae, nunua mikanda, na mkanda usio na lebo wala maandishi uuache dukani, maana hujui unanunua nguvu kiasi gani.

Jambo ambalo hesabu hiyo inaonyesha, na ambalo kwangu ni kubwa kuliko mkanda na kamba, ni ukuta. Mzigo ukisogezwa hadi ukagusa ukuta imara nyuma ya viti, bila nafasi, zile kilo 420 za mbele zinabebwa na ukuta. Mikanda inabaki na kazi ya pembeni na nyuma tu: asilimia 50 ya 840 ni 420, toa 252 za msuguano, zinabaki 168, na mikanda miwili inatosha. Haisi nyingi zilizobadilishwa kutoka daladala hazina ukuta huo. Mgongo wa kiti cha dereva ndio ukuta. Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka fremu ya mabomba na bati kwa siku moja. Ningeulizwa nitumie fedha wapi kwanza, ningesema hapo.

Panga vizito chini na mbele, ndoo zisimame wima safu kwa safu, unga juu yake kwenye ubao unaogawa uzito, sabuni nyuma. Mkanda upite juu ya ubao, usipite moja kwa moja juu ya vifuniko vya ndoo, kwa sababu kifuniko kikibonyea mkanda umelegea na mafuta yapo sakafuni. Halafu, gari likiwa limejaa, tazama mambo matatu ambayo asubuhi hayakuwepo. Nyuma limeshuka sawa pande zote mbili, au limelalia upande mmoja? Tairi za nyuma zimebonyea kupita kawaida? Taa za mbele zinapiga juu? Mkia ukishuka pua inainuka na unawapofusha wanaokuja. Gari nyingi zina kidude cha kushusha taa karibu na usukani, na wengi hawajawahi kukigusa.

Uchague ipi

Kwa mwenye gari linalozunguka mjini na vifurushi vyepesi, akishusha na kupakia mara nane kwa siku, ukaguzi mmoja wa asubuhi gari likiwa tupu unatosha. Kila anapofungua mlango anauona mzigo, na vifaa anavifikia. Aongeze tu kuhesabu hati kila anapopakia.

Kwa anayetoka nje ya mji na mzigo mzito, hata kilomita 40 tu, ukaguzi mmoja hautoshi, na nikilazimishwa kuacha mmoja nitaacha ule wa gari lililojaa kabla ya kuacha ule wa gari tupu. Mkanda uliolegea naweza kuukaza Kibaha. Jeki isiyokuwepo siwezi kuitengeneza Mlandizi. Lakini kufanya yote mawili hakuchukui muda ambao watu wanaudhani: kwangu ni dakika 12 uani na 4 dukani, na Jumatatu dakika 15 zaidi za spea na simu.

Njia ya kuweka kumbukumbu nimejaribu kichwa, daftari na picha za WhatsApp. Kichwa kinasahau siku ya haraka, na siku ya haraka ndiyo yenye hatari. Picha ni nzuri kwa mwenye gari aliye mbali, lakini dereva anaweza kutuma ya jana, na picha ya spea haionyeshi psi. Daftari ambalo dereva anaandika namba, si alama ya vema tu, limenifaa zaidi. Mstari unaosema "spea 51, nyuma kushoto 50, mikanda 2, ndoo 25" hauandikwi na mtu ambaye hakushika geji. Picha moja naichukua bado: mlango wa nyuma ukiwa wazi, mzigo umefungwa, kabla ya kuondoka.

Baada ya kilomita 10 au 15 za kwanza simama mahali salama ukaze mikanda tena. Mzigo hujipanga ukitikiswa, na mkanda uliokuwa umekaza Kariakoo utaukuta umeacha nafasi ya vidole viwili. Na kama ulibadilisha tairi njiani, nati zake zikaze tena kabla hujafikisha kilomita 100.